Saa ya 11 ya rangi

Kipindi kilikuwa kinaisha, ubao umejaa, na nilikuwa nimeshashika kifutio. Binti mmoja anayependa kukaa karibu na dirisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Umesema saa moja ya kupaka rangi ina thamani ya 3. Nimeiongeza hiyo saa. Faida haikuongezeka."

Nilimwomba arudie hesabu zake. Akaniletea daftari. Alikuwa amechora mistari yote mitatu kwa rula, ameweka saa 11 za rangi mahali pa saa 10, na kona bora ilikuwa palepale ilipokuwa: meza 6, rafu 4, faida 46. Niliipitia hesabu mara mbili. Haikuwa na kosa.

Kabla sijapata la kusema, kijana mmoja wa nyuma akasema kompyuta yake inampa bei nyingine kabisa za saa za kila kazi. Ubaoni mimi nilikuwa na 1 kwa kukata, 0 kwa kuunganisha na 3 kwa rangi. Yeye alikuwa na 2, 1 na 0. Faida ni ileile, 46. Meza na rafu ni zilezile.

Niliwaambia tutalirudia wiki ijayo.

Zilipita wiki 3 kabla sijawa na jibu ambalo mimi mwenyewe nililiamini.

## Zoezi lenyewe

Zoezi nilikuwa nimelitunga mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na kitabu cha kukisingizia. Karakana inatengeneza meza na rafu. Meza moja inahitaji saa 2 za kukata, saa 1 ya kuunganisha na saa 1 ya rangi, na inaleta faida ya sarafu 5. Rafu moja inahitaji saa 1 ya kukata, saa 2 za kuunganisha kwa sababu ina viungo vingi, na saa 1 ya rangi. Faida yake ni sarafu 4. Kwa siku kuna saa 16 za kukata, 14 za kuunganisha na 10 za rangi. Meza iliyoachwa nusu leo inamaliziwa kesho, kwa hiyo sehemu za namba zinaruhusiwa.

Tukiita idadi ya meza x na ya rafu y, tunataka kukuza faida hivi:

```
kuza   5x + 4y
kukata         2x +  y <= 16
kuunganisha     x + 2y <= 14
rangi           x +  y <= 10
x, y >= 0
```

Jibu ni x = 6 na y = 4. Hilo hakuna aliyelibishia. Ubishi wote ulikuwa kwenye bei kivuli, yaani thamani ambayo hesabu inaipa saa moja ya kila kazi.

## Pacha kama hoja

Kwa miaka nimefundisha kuandika tatizo pacha kwa jedwali: safu zinageuka nguzo, kukuza kunageuka kupunguza, alama zinageuzwa. Mwanafunzi anaweza kufanya hayo yote bila kosa na asijue amefanya nini. Safari hii nililazimika kurudi mwanzo kabisa, kwenye swali ambalo pacha linalijibu.

Swali ni hili. Tuseme mtu hataki kutafuta mpango bora. Anataka tu kunithibitishia kwamba faida haiwezi kuvuka kiwango fulani, mpango uwe wowote. Atafanyaje?

Anachukua masharti matatu na kuyajumlisha kwa uzito. La kukata analizidisha kwa u, la kuunganisha kwa v, la rangi kwa w. Uzito lazima usiwe hasi, kwa sababu ukizidisha kwa namba hasi alama ya "si zaidi ya" inageuka na jumla inavunjika. Baada ya kujumlisha, upande wa kushoto kuna x mara (2u + v + w) na y mara (u + 2v + w). Upande wa kulia kuna 16u + 14v + 10w.

Sasa ikiwa namba inayosimama na x ni 5 au zaidi, na inayosimama na y ni 4 au zaidi, upande wa kushoto unaifunika faida yote. Basi faida haiwezi kuvuka upande wa kulia. Huyo mtu amejenga dari juu ya kichwa changu, tena bila kutazama mpango wangu.

Dari nzuri ni ya chini. Kwa hiyo anatafuta uzito unaoishusha kadiri inavyowezekana:

```
punguza   16u + 14v + 10w
meza      2u +  v + w >= 5
rafu       u + 2v + w >= 4
u, v, w >= 0
```

Hilo ndilo pacha. Kila suluhisho lake linalotimiza masharti ni hoja kamili kuhusu dari ya faida. Jaribu u = 0, v = 0, w = 5: meza inafunikwa na rafu inafunikwa, na dari ni 50. Hoja hiyo ni halali ila ni legevu, maana faida ya kweli ni 46. Jaribu 2, 1, 0 za yule kijana: 32 na 14, jumla 46. Dari imegusa kichwa. Jaribu 1, 0, 3 zangu: 16 na 30, jumla 46. Imegusa tena.

Nilipoziandika hoja hizi mbili pamoja kwenye karatasi moja, wazo la kwamba mojawapo ya programu zetu lazima iwe imekosea liliniisha. Zote mbili zinathibitisha 46. Hakuna namba ya tatu inayoweza kuamua kati yao.

Lakini swali la binti lilikuwa bado limesimama.

## Ulegevu unavyozungumza

Kuna sentensi mbili ambazo zinaunganisha mpango bora na hoja bora. Zinaitwa sharti la ulegevu kamilishi, na mimi huzisema hivi. Sharti likibaki na saa ambazo hazikutumika, uzito wake kwenye hoja ni sifuri. Na bidhaa ikitengenezwa, hoja inaifunika faida yake sawasawa, bila kuzidisha hata chembe.

Sababu haihitaji nadharia ndefu. Kati ya faida na dari kuna mianya ya aina mbili tu: saa zilizolala zikizidishwa na bei zake, na ziada ya kufunika ikizidishwa na idadi ya bidhaa. Mianya yote si hasi. Ikiwa faida na dari ni 46 zote mbili, jumla ya mianya ni sifuri, na kila mmoja peke yake lazima uwe sifuri.

Kabla ya somo lile, darasa la mwaka uliotangulia lilifanya zoezi hilihili kukiwa na saa 12 za rangi. Tazama kilichotokea kule. Mpango bora ni uleule, meza 6 na rafu 4, zinazotumia saa 10 za rangi. Saa 2 zimelala. Basi w ni sifuri. Meza zinatengenezwa, kwa hiyo 2u + v ni 5 kamili. Rafu zinatengenezwa, kwa hiyo u + 2v ni 4 kamili. Milinganyo miwili, herufi mbili: u ni 2 na v ni 1. Hakuna jibu lingine.

Mwaka huu nilipunguza rangi kutoka 12 hadi 10 ili, nilidhani, masharti yote matatu "yafanye kazi".

Milinganyo ikabaki miwili. Herufi zikawa tatu.

Hakuna saa ya rangi iliyolala, kwa hiyo ulegevu haunipi ruhusa ya kuifuta w. Kinachobaki ni 2u + v + w = 5 na u + 2v + w = 4. Ukitoa mmoja kwa mwingine unapata u = v + 1, kisha w = 3 − 3v. Chagua v yoyote kati ya 0 na 1 na una hoja kamili ya 46. Jibu la kijana liko kwenye v = 1. Langu liko kwenye v = 0. Katikati kuna majibu yasiyohesabika. Ukiijaribu u = 0 utapata v = −1, na hapo hoja inavunjika, kwa hiyo mstari unakatika kabla ya kufika huko.

Umbo la tatizo linasema jambo hilohilo. Kwenye karatasi yenye pande mbili, mistari miwili inatosha kutengeneza kona. Pale kwenye 6 na 4 ilikuwa inapita mitatu. Kona imebanana. Tena sharti la rangi lilikuwa limejificha ndani ya mengine mawili: jumlisha la kukata na la kuunganisha, utapata 3x + 3y si zaidi ya 30, yaani x + y si zaidi ya 10. Nilikuwa nimeongeza sharti ambalo halikati hata kipande kimoja cha eneo, linaigusa tu ncha yake.

## Nilichokuwa nikikisoma kinyume

Hapa ndipo nilipogundua kosa langu la zamani.

Sharti la ulegevu linasema: ukiona ulegevu, bei ni sifuri. Linasema pia, kwa maneno yaleyale yaliyogeuzwa: ukiona bei iliyo juu ya sifuri, hakuna ulegevu. Halisemi kamwe kwamba pasipo na ulegevu bei iko juu ya sifuri. Mimi kwa midomo yangu nilikuwa nikifundisha hivyo, kwamba "rasilimali iliyokwisha ndiyo yenye thamani". Kwenye jibu la kijana rangi imekwisha kabisa na bei yake ni sifuri. Kwenye jibu langu kuunganisha kumekwisha kabisa na bei yake ni sifuri. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Wanahisabati Goldman na Tucker walionyesha mwaka 1956 kwamba tatizo la aina hii likiwa na suluhisho bora, daima kuna angalau jozi moja ya mpango na hoja ambamo kila mahali ni kimoja tu kilicho sifuri, ulegevu au bei, si vyote viwili. Kwa tatizo letu jozi hizo zipo tele: v yoyote iliyo katikati, isiyo 0 wala 1. Lakini njia ya simpleksi, ambayo hutumika kutatua matatizo ya aina hii, hutembea kwenye kona tu, na huishia kwenye ncha mojawapo. Ni ncha ipi, hutegemea ilianzia wapi na ilipita njia gani. Kuhusu karakana, uchaguzi huo hauna maana yoyote.

## Dari mbili kwa wakati mmoja

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo alilolishika yule binti.

Kwa miaka nimeitafsiri bei kivuli kwa sentensi moja: ni kiasi ambacho faida itapanda ukiongeza kipimo kimoja cha rasilimali. Sentensi hiyo ni kweli pale ambapo hoja bora ni moja tu. Zikiwa mbili, sentensi inadai vitu viwili vinavyopingana, 3 na 0, kuhusu saa ileile ya rangi.

Nililala nalo, nikaamka nalo. Lililonifungua ni jambo dogo ambalo liko wazi kwenye pacha lenyewe: masharti ya pacha hayana 16, wala 14, wala 10 ndani yake. Saa zilizopo ziko kwenye lengo peke yake. Maana yake, ukibadilisha saa, hoja haiharibiki. Kinachobadilika ni urefu wa dari yake.

Kwa hiyo tuongeze saa ya rangi, ziwe 11. Hoja yangu, 1, 0, 3, sasa inasema: faida haizidi 49. Hoja ya kijana, 2, 1, 0, inasema: faida haizidi 46. Zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Ukiwa chini ya dari mbili, inayokuzuia ni ya chini. Faida inabaki 46, kama daftari la binti lilivyosema.

Sasa punguza saa moja ya rangi, ziwe 9. Hoja ya kijana inasema haizidi 46. Yangu inasema haizidi 43. Ya chini ni 43, na kweli, ukitatua upya unapata meza 7, rafu 2, faida 43.

Saa moja ya rangi, basi, ina bei mbili. Ukiipata hupati kitu. Ukiipoteza unapoteza 3.

Namba niliyoiandika ubaoni haikuwa ya uongo. Ilikuwa bei ya kupoteza, na mimi niliitangaza kama bei ya kupata. Kuongeza hufuata bei ndogo kuliko zote kwenye hoja bora, kupunguza hufuata iliyo kubwa. Kwa kukata bei zinaanzia 1 hadi 2: saa ya 17 inaleta faida 47, na kubaki na 15 kunashusha faida hadi 44. Kwa kuunganisha ni 0 na 1: saa 15 zinaacha 46 palepale, saa 13 zinaleta 45. Nilizitatua zote kwa mkono usiku ule, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikaa.

Hoja legevu nayo ina zamu yake. Kumbuka 0, 0, 5, yenye dari ya 50. Endelea kuongeza saa za kukata huku rangi ikibaki 10. Hoja yangu inapandisha dari kwa 1 kila saa: 47, 48, 49, na kwenye saa 20 inafika 50. Hapo inakutana na ile hoja ya tatu, ambayo haijali kukata hata kidogo. Saa ya 21 ya kukata haileti kitu, kwa sababu kufikia hapo karakana inatengeneza meza 10 tu, hakuna rafu, na rangi imekwisha. Kila bei kivuli hufikia mwisho wa namna hii, pale dari nyingine inapokuwa ya chini kuliko yake.

## Alama iliyokuwa machoni pangu

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba ripoti ilikuwa imeniambia tangu siku ya kwanza. Ripoti ya unyeti ya Excel ina nguzo mbili baada ya bei, `Allowable Increase` na `Allowable Decrease`, zinazoonyesha bei inashikilia kwa umbali gani kila upande. Kwa jibu langu ripoti ya namna hiyo hutoa hivi:

```
               bei   kuongeza   kupunguza
kukata          1        4          0
kuunganisha     0    bila mwisho    0
rangi           3        0          2
```

Tazama mstari wa rangi. Bei ni 3, na kuongeza kunakoruhusiwa ni 0. Ripoti inasema bei hii haifiki hata nukta moja upande wa juu. Inafaa kwa kupunguza tu, hadi saa 2. Kwa jibu la kijana ni kukata na kuunganisha ndivyo vyenye 0 upande wa kuongeza, huku kupunguza kukifika saa 9 na 6. Mimi nilisoma nguzo ya bei na kufunga ukurasa.

Sasa nikiona 0 kwenye mojawapo ya nguzo hizo, au sharti lililokwisha lakini bei yake ni 0, najua huenda kona imebanana, na siisomi bei tena kama jibu. Ninatatua upya kwa kubadilisha saa moja, juu kisha chini:

```python
from scipy.optimize import linprog

def faida(b):
    A = [[2, 1], [1, 2], [1, 1]]
    return -linprog([-5, -4], A_ub=A, b_ub=b).fun

print(faida([16, 14, 11]) - faida([16, 14, 10]))
print(faida([16, 14, 10]) - faida([16, 14, 9]))
```

Inatoka 0 kisha 3. Namba hizi mbili hazitegemei kitatuzi kipi kimetumika. Alama za kutoa ziko pale kwa sababu `linprog` hupunguza, haikuzi. Anayesoma bei moja kwa moja kwenye `ineqlin.marginals` naye azigeuze alama, la sivyo ataona bei hasi na kudhani karakana inaadhibiwa kwa kupewa saa.

Kwa tatizo la masharti elfu kadhaa huwezi kujaribu kila moja, lakini ni nadra mtu kutaka kuyanunua yote elfu. Jaribu yale ambayo kuna anayetaka kuyalipia.

Kuna mtego mwingine hapa. Vitatuzi vinavyopita ndani ya eneo badala ya kutembea kwenye kona, visiposukumwa mwishoni hadi kwenye kona, huelekea katikati ya ule mstari wa hoja. Kwa zoezi letu katikati hiyo ni karibu 1.58, 0.58 na 1.27. Jumla yake ni 46 kama nyingine, na bei zote tatu ziko juu ya sifuri, kama Goldman na Tucker walivyoahidi. Inapendeza machoni: kila kilichokwisha kina thamani. Lakini hakuna hata moja kati ya namba hizo tatu inayosema kitakachotokea ukiongeza saa, wala ukipunguza. Rangi kwa 1.27 si ya kupata, ambayo ni 0, wala ya kupoteza, ambayo ni 3. Kati ya majibu yote matatu, hili ndilo ningelisoma kwa uangalifu zaidi, kwa sababu halina sifuri ya kukushtua.

## Sifuri mbili

Wiki ya 4 nilirudi darasani na kuandika ubaoni bei mbili kwa kila sharti: kukata 1 na 2, kuunganisha 0 na 1, rangi 0 na 3. Nikamwambia binti kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyesoma nusu ya jibu. Alitabasamu kidogo, akaendelea kuutazama ubao.

"Sasa Mwalimu, saa ya kuunganisha peke yake haileti kitu. Ya rangi peke yake haileti kitu. Nikizipata zote mbili?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwita aje ubaoni tulifanye pamoja.

Saa zinakuwa 16, 15 na 11. Hoja ya kijana: 32 na 15, dari ni 47. Hoja yangu: 16 na 33, dari ni 49. Ya chini ni 47. Akatatua mistari miwili, ya kukata na ya kuunganisha, akapata meza 17/3 na rafu 14/3. Rangi inayotumika ni 31/3, chini ya 11. Faida ni 85/3 na 56/3, yaani 141/3.

"47," akasema.

Kijana wa nyuma akataka tuongeze na ya kukata, zote tatu kwa pamoja. Bei za kupata zikijumlishwa zinaahidi 1 tu: 1, 0 na 0. Hoja yake inaruhusu 34 na 15, ambayo ni 49. Yangu inaruhusu 17 na 33, ambayo ni 50. Akapiga hesabu: meza 19/3, rafu 13/3, rangi 32/3. Faida 147/3, ambayo ni 49 kamili. Nyongeza ya 3, kutoka kwa saa ambazo moja moja zina thamani ya 1, 0 na 0.

Kengele ililia. Binti bado alikuwa ubaoni na chaki, anaandika 17, 14 na 11, na kijana wa nyuma ameshasimama anamwambia itakuwa 48.